Shajara ya mradi: kutenganisha b na d, darasa la pili, Tanga

Kundi ni la watoto sita wa darasa la pili, umri miaka saba hadi tisa. Wote wanasoma silabi nyingi bila shida lakini wanakwama kwenye b na d. Tunakutana nao mara tatu kwa wiki, nusu saa kila mara, baada ya vipindi vya kawaida. Kila hatua inapokamilika tunaiandika hapa, ili mwalimu au mzazi anayetaka kuifuata asirudie makosa yetu.

3 Februari: kupima kwanza

Tumepima mambo manne kwa kila mtoto: kusikia, kusoma, kunakili na imla.

Kusikia kulikuwa rahisi. Mwalimu anataja maneno mawili, kwa mfano "bua, dua" au "bawa, dawa" au "bua, bua", na mtoto anasema kama ni sawa au ni tofauti. Mwalimu anaziba mdomo kwa karatasi, kwa sababu b hufunga midomo na d haifungi, na mtoto mwerevu atajibu kwa kutazama midomo. Wote sita walisikia vizuri. Kwa hiyo tatizo haliko masikioni.

Kwa kusoma tuliandika silabi 24, kumi na mbili za b na kumi na mbili za d, kwa mpangilio wa ovyo: da, bo, bi, de, bu, da na kuendelea. Hatukutumia maneno. Kiswahili kina mtego wake hapa: "baba" na "dada" hutofautiana kwa herufi hizi tu, wote ni watu wa nyumbani, na sentensi "Baba anapika" ina maana kama ilivyo "Dada anapika". Mtoto akikosea, maana haimshtui. Na palipo na picha, anasoma picha.

Kunakili kulitupa jibu muhimu. Watoto watano kati ya sita walinakili b na d kutoka ubaoni bila kosa hata moja. Walewale, tulipowasomea imla, waligeuza. Msichana mmoja wa miaka minane (tutamrejea mara kwa mara humu) aliandika "dado" kwa "bado", na "bede" kwa "debe". Jicho linaona tofauti na mkono unaweza kuichora. Kinachokosekana ni uhusiano wa kudumu kati ya sauti na upande ambao umbo linaelekea.

Mtoto anayebahatisha atapata kama 12 kati ya 24, basi alama hizo zisisomwe kama "nusu anajua". Msichana wetu alipata 13, yaani alikuwa anabahatisha. Mvulana mwingine alipata 12 kamili, lakini kwa sababu nyingine kabisa: kila silabi aliisoma kwa b. Huyu hachanganyi herufi mbili, bado hana d. Tukaandika hilo pembeni mwa jina lake.

Neno moja kwa wazazi waliouliza kama mtoto hana akili. Kikombe ni kikombe, mpini uwe kushoto au kulia. Tangu utotoni ubongo umejifunza kwamba kitu hakibadiliki jina kikigeuka, na mafunzo hayo humsaidia mtoto kila siku. Herufi ndiyo kitu cha kwanza kinachovunja kanuni hiyo. Mtoto wa miaka sita au saba kugeuza herufi ni jambo la kawaida. Kumwambia "tazama vizuri" hakumsaidii, maana tayari anatazama vizuri. Nafuu tuliyo nayo ni kwamba alfabeti ya Kiswahili haina q, hivyo p haina pacha wa kumgombania.

12 Februari: chati ya pamoja imeshindwa

Wiki ya kwanza tulibandika chati moja yenye b na d kando kwa kando, kila moja na picha yake, na mishale ya rangi. Ilipendeza. Baada ya vipindi vinne tukapima tena, na watoto wawili ambao awali walikuwa na alama 17 wakashuka hadi 14 na 13.

Sababu tunaiona hivi: herufi mbili zinazofanana zikifundishwa pamoja, zinahifadhiwa pamoja. Mtoto akiiona mojawapo, zote mbili zinamjia kichwani na inabidi achague. Tumeiondoa chati ukutani. Kuanzia sasa ni b peke yake hadi ikae, na d haitajwi kabisa. Kwenye vitabu vya kusoma katika vipindi vyetu tunachagua sentensi zisizo na d: "Bibi ana boga", "Babu ameibeba kabati". Inachosha kuzitunga, lakini inawezekana.

Kosa jingine la wiki hii lilikuwa la maneno. Tulisema "tumbo la b linatazama mbele, tumbo la d linatazama nyuma". Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbele ya wapi?" Swali lake lilikuwa sahihi. Watoto wanne kati ya sita huenda madrasa jioni, na huko mstari unaanzia kulia kwenda kushoto. Kwao mbele ya maandishi iko pande mbili, inategemea ni saa ngapi. "Kushoto" na "kulia" nayo hayakusaidia, kwa kuwa watoto watatu bado hawana uhakika nayo.

Badala yake tumetumia kitu kilichopo kwenye kila daftari: mstari mwekundu wa pambizo. Tunasema, "b anaegemeza mgongo pambizoni". Pambizo haihami, na mtoto anaweza kuigusa kwa kidole. Ubaoni tumechora pambizo ya chaki nyekundu upande uleule, na kwenye kila kadi pia.

17 Februari hadi 3 Machi: b kwa kidole

Kupitisha kidole juu ya herufi ya msasa ni njia ya zamani, Montessori aliitumia Italia zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na bado inafaa. Lakini matengenezo yake yana mitego ambayo ilitugharimu karatasi mbili za msasa.

Mtego wa kwanza: tulichora b nyuma ya msasa, upande laini, kwa kuwa penseli haiandiki upande wenye chenga. Tukakata, tukageuza, na mkononi tukawa na d. Herufi tatu zilikuwa zimeshakatwa. Ukichora nyuma, chora iliyogeuka. Au bora zaidi, ichore kwenye karatasi nyembamba, ibandike upande wa mbele kwa gundi kidogo, ukate vyote pamoja, kisha uibandue.

Mtego wa pili: herufi iliyokatwa isiachwe ikiwa huru. Mtoto akiipindua tu inakuwa herufi nyingine. Lazima ibandikwe kwenye manila. Na kadi nayo inaweza kushikwa juu chini, kwa hiyo tumechora mstari mzito wa bluu chini ya kila kadi, tumeongeza pambizo nyekundu, na tumekata kona moja ya juu. Mtoto anaiweka kadi sawa kabla ya kugusa herufi.

Mtego wa tatu: msasa namba 60 ni mkali mno. Siku ya pili watoto walikuwa wanapitisha kidole hewani bila kuugusa, kwa kuogopa kuumia. Namba 120 inatosha: kidole kinausikia na ngozi haichubuki.

Vipimo vyetu ni herufi yenye urefu wa sentimita 15 na upana wa mstari sentimita 2. Mtoto anatumia vidole viwili, cha shahada na cha kati, vya mkono anaoandikia.

Sasa kauli ya kukumbukia. Tulianza na "bakora, halafu boga". Fimbo ndiyo mstari, boga ndilo tumbo, yote kwa b. Ilionekana nzuri mpaka tulipoona watoto wawili wakijikunyata kila tukitaja bakora. Shuleni neno hilo wanalijua kwa maana nyingine. Tumebadilisha kuwa "bomba, halafu bakuli": bomba la maji limesimama, bakuli limewekwa mbele yake. Bomba linatangulia daima, kwa sababu kuandika b huanza na mstari.

Mwendo wenyewe: anza juu kabisa, shuka hadi mstari wa chini, bila kuinua kidole panda juu ya mstari uleule hadi katikati, zunguka kutoka pambizoni, funga chini. Wakati kidole kinashuka mtoto anasema "bomba", kikizunguka anasema "bakuli", kikifika mwisho anasema "ba". Tulijaribu sauti ya b peke yake na watoto wakawa wanatamka kitu kama "bu" au "be". Wao wamezoea silabi, basi "ba" ndiyo iliyobaki.

Kila kipindi: mara tano kwenye msasa, mara tano kwenye mchanga mkavu uliomwagwa kwenye sinia kwa kina cha kidole kimoja, mara tatu ubaoni, na mara moja ubaoni macho yakiwa yamefumbwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoonyesha kama mkono umejua.

Kilichotupotezea wiki nzima ni hiki: tulitazama matokeo na hatukutazama mwendo. Msichana wetu alikuwa akiacha b nzuri kabisa mchangani, na imla ilikuwa haibadiliki. Tulipokaa kando yake tukaona anaanza na tumbo, kisha anaongeza mstari. Kwa njia hiyo b na d zina mwanzo mmoja, na akifika kwenye mstari anabahatisha auweke upande upi. Tulimrudisha kwenye msasa, tukaweka kipande kidogo cha stika ya kijani juu ya mstari, mahali pa kuanzia, naye alikuwa haruhusiwi kugusa kitu kingine kabla ya hicho kijani. Vipindi vitatu baadaye alikuwa ameacha.

Tarehe 3 Machi watoto watano waliandika b mara kumi kwa imla bila kugeuza. Wa sita aligeuza mbili.

5 hadi 17 Machi: d inazaliwa na a

Hatukuigusa d mpaka b ilipokaa. Na tulipoianza, hatukuifundisha kama ndugu ya b bali kama ndugu ya a. Irabu ndizo herufi za kwanza walizofundishwa, na hakuna hata mmoja anayegeuza a. Basi: andika a, lakini usishukie hapo, panda mpaka juu, ndipo ushuke. Hiyo ni d.

Kauli yake ni "duara, panda dari, shuka". Duara linatangulia, kisha mstari unapanda darini. Kwa hiyo mkono unaanza mahali tofauti na unakwenda upande tofauti na ule wa b, na huo ndio ulinzi wenyewe. Kadi za d zina stika ya kijani kwenye duara, pale a inapoanzia.

Hapa mambo yalikwenda haraka kuliko tulivyotegemea. Yule mvulana aliyesoma kila kitu kwa b alipata d kwa vipindi vinne. Kosa lilikuwa moja: baadhi yao walichora duara, wakainua mkono, wakashusha mstari kutoka juu. Likishaachwa wazi duara hilo, mstari unaweza kuangukia upande wowote. Sharti letu ni kwamba mkono hauinuki mpaka d iishe.

19 Machi: ngumi na mwili

Kuna hila ya ngumi mbili ambayo walimu wa Kiingereza huifanya kwa neno lao la kitanda, linaloanza na b na kuishia na d. Kiswahili hakina neno la namna hiyo, maana maneno yetu huishia na irabu. Tumelichukua "bado". Ngumi ya kushoto ni "ba", ngumi ya kulia ni "do". Mtoto anakunja ngumi zote mbili mbele ya kifua, viganja vikimtazama yeye, dole gumba juu, kisha anagusanisha vifundo. Dole la kushoto ni bomba na ngumi yake ni bakuli. Ngumi ya kulia ni duara na dole lake limepanda darini. Mtoto hahitaji kujua kushoto ni wapi, kwa sababu ngumi zikigusana vizuri zinajipanga zenyewe. Anayeandikia mkono wa kushoto anafanya vilevile.

Siku ya kwanza tuliharibu. Mwalimu alisimama akiwatazama watoto, akaonyesha ngumi zake. Kwake zilikuwa b na d. Kwao, walioko upande wa pili, zilikuwa zimegeuka: ngumi ya "ba" ilionekana kama d. Watoto wawili waliiga walichokiona, wakabadilisha mikono. Kipindi chote kikapotea, na kilichofuata pia kikatumika kufuta kilichoingia. Mwalimu lazima ageuke, awape watoto mgongo, na anyanyue ngumi juu ya kichwa. Kuandika herufi hewani kuna ubaya uleule na dawa ileile.

Mchezo wa kuandika herufi kwa kidole mgongoni mwa mwenzako hauna tatizo hilo, kwa kuwa aliyeandika na aliyeandikiwa wanatazama upande mmoja. Usifanyike kwenye paji la uso: hapo baadhi ya watoto huisoma herufi kutoka ndani na baadhi kutoka nje.

Kutembea juu ya herufi kumependwa kuliko yote. Tumechora b ya mita mbili kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, pamoja na mstari wa chini na pambizo. Mtoto anaanzia juu, anatembea kushuka akisema "bomba", anarudi nusu njia, anazunguka akisema "bakuli". Wanaosubiri wanasimama nyuma ya mstari wa chini tu. Siku tuliyowaacha wasimame popote, wale wa upande wa juu waliiona q.

2 Aprili: kuzichanganya

Sasa herufi zote mbili zinakutana. Maneno yetu ni yale yanayobeba zote: bado, debe, bidii, adabu, dubu, badili. Tunayaandika kwa imla, matano kwa siku, si zaidi.

Ngumi zimeleta tatizo jipya, la kasi. Msichana wetu alisoma "debe la baba" bila kosa, lakini alisimama mara tatu kukunja ngumi, na akifika mwisho alikuwa amesahau mwanzo. Tunaziondoa kwa ngazi: wiki ya kwanza ngumi juu ya meza, ya pili chini ya meza, ya tatu dole gumba tu linanyanyuka, ya nne hakuna. Kwenye kuandika, anaruhusiwa kuandika "bado" ndogo juu ya ukurasa kabla ya imla na kuitazama akikwama.

Tuliona pia msaada uliofichwa ndani ya tahajia. Baada ya n huja d, kamwe si b: panda, kundi, ndege, ndoo. Mtoto akiona n, shaka imekwisha. Tulijaribu kuwafundisha upande wa pili, kwamba baada ya m huja b, kama pamba, embe na simba. Tumeiacha siku hiyohiyo, maana mmoja aliandika "mbomo" kwa "mdomo" na mwingine "mbubu" kwa "mdudu", wakifuata kanuni yetu kwa uaminifu. Kanuni ya n inabaki. Ya m haifundishwi.

30 Aprili: tulipofika

Silabi 24 zilezile, mpangilio tofauti. Watoto wanne wamepata 23 au 24. Msichana wetu amepata 22, na makosa yake mawili aliyarekebisha mwenyewe kabla hatujasema neno. Kwenye imla hajaandika "dado" tangu katikati ya mwezi. Anapochoka, mwisho wa ukurasa, kosa hurudi. Kwa hiyo imla yake ni fupi na inafanywa mwanzo wa kipindi.

Mtoto wa sita amepata 15. Kwake tumegundua kwamba b na d zilikuwa dalili ndogo tu. Anasahau silabi za herufi nyingine alizozisoma jana, anashindwa kutenganisha sauti za neno fupi kama "mama" hata kwa masikio tu, na kunakili kwake, tofauti na wengine, kuna makosa. Hila za ngumi hazimtoshi. Tumemwomba mzazi ampeleke kupimwa macho na masikio kwanza, na mwalimu wa elimu maalumu amwone. Wakati huo tunaendelea naye na b peke yake, kwa msasa.

Gharama yote: msasa karatasi nne, pamoja na mbili zilizoharibika, shilingi 4,000, manila tatu 3,000, gundi 2,000, sinia mbili za plastiki 6,000, chaki za rangi na stika 2,500. Jumla 17,500. Mchanga ulichotwa ufukweni, ukaoshwa kwa maji baridi mara mbili kuondoa chumvi, ukaanikwa siku moja. Usipooshwa hushika unyevu na hauchoreki vizuri.

Ngumi zimeondolewa kwa watoto wanne. Baada ya likizo ya Juni tutawapima tena wote kwa karatasi ileile ya silabi, bila mazoezi yoyote kabla, kuona nini kimebaki.